"Tafuta msaada": wapi, jamani?

Kijana mmoja wa kikundi cha vijana hapa Goma amenitumia maandishi ya video yao ya afya ya akili, nisome kabla hawajaanza kurekodi. Nilisoma, nikaweka simu chini, nikaenda kuosha vyombo kwanza hasira ipungue.

Video inaanza na mwanaume mwenye matambara anazunguka Birere akiongea peke yake, muziki wa kutisha nyuma yake. Sauti inasema: "Wendawazimu wameongezeka mjini." Mwishoni yanatokea maneno meupe kwenye giza: "Tafuta msaada." Basi, imeisha.

Nikampigia. "Mama, bila kutisha watu hawaangalii," akaniambia. Haya, wataangalia, hapo simbishii. Lakini mama wa soko la Virunga, ambaye tangu vita viingie mjini usiku halali, chakula hakipiti, mteja akimuuliza bei anasahau ameulizwa nini, akiona yale matambara atasema: asante Mungu, mimi si huyo. Na yeye ndiye video ilikuwa inamtafuta!

Basi ianze na yeye, kwa maneno yake: "Mawazo ni mengi, usingizi umekatika, roho inadunda." Kisha sauti iseme kwamba hali hiyo ikizidi wiki mbili na kumzuia mtu kufanya kazi zake, ni vizuri aongee na mhudumu wa afya. "Wendawazimu" litoke, aitwe mtu anayeishi na ugonjwa wa akili. Sura ya mgonjwa isionyeshwe bila ruhusa yake. Pasta waliyemweka kwenye video abaki, nimekubali shingo upande, kwa sababu wengi hupitia chumba cha maombi kwanza. Ila aseme wazi kwamba maombi hayamkatazi mtu dawa.

Palikuwa pia na sehemu ya mtu kujiua, imeelezwa hatua kwa hatua. Nimeifuta yote. Njia haionyeshwi wala haitajwi, maana anayetazama akiwa katika hali hiyo anaweza kuifuata. Lakini kunyamaza kabisa nako hakusaidii. Kumuuliza mtu waziwazi, "Unafikiria kujiua?", hakumtii wazo hilo kichwani, mara nyingi kunampa nafasi ya kupumua. Akisema ndiyo, asiachwe peke yake, vitu vinavyoweza kumdhuru viondolewe karibu naye, na asindikizwe hospitali saa hiyo hiyo.

Sasa turudi kwenye yale maneno meupe. Msaada huo ataupata wapi? Kwa nani? Aingie mlango gani, aseme nini? Mtu ambaye kuamka tu kitandani kunamshinda, tunamtuma akafanye uchunguzi! Halafu video zetu zinatembea kwa WhatsApp. Mtu anazikata vipande aweke kwenye status, na kipande cha mwisho ndicho kinachobaki nyuma. Wengine wanasikiliza tu huku wanapika, wengine hawasomi. Kwa hiyo mahali pa kwenda patajwe kwa sauti, katikati na tena mwishoni.

Kijana alitaka kuweka namba ya simu aliyoikuta kwenye bango la zamani. Nikamwambia aipige kwanza. Haikupita. Fikiria mtu amekusanya nguvu zote alizobakiza, anapiga, anaambiwa namba haipatikani. Namba ikiwekwa, ipigwe kabla ya video kutoka, tarehe isemwe, na mwenye simu aulizwe anapokea saa ngapi na kwa lugha gani. Bila hivyo, taja mahali tu.

Mwisho nimemwandikia hivi:

"Kama umejitambua katika video hii, anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Mwambie nesi: 'Silali, mawazo yananizidi, naomba kuongea na mtu faragha.' Huna haja ya kueleza zaidi hapo mlangoni. Kama hapo hakuna mhudumu wa kisaikolojia, omba akuandikie barua ya kukutuma mbele. Ukiogopa kwenda peke yako, mwombe reko, yule mhudumu wa afya wa jamii wa kartie yako, au mtu unayemwamini akusindikize. Kama kuna dawa unazotumia, zibebe uzionyeshe, na usiziache ghafla bila kuuliza. Hapa Goma kuna kituo cha afya ya akili cha Tulizo Letu. Walio Bukavu, ulizeni SOSAME. Walio Lubumbashi, kuna kituo cha Dr Joseph Guislain. Vyote vitatu ni vya Mabruda wa Upendo, Frères de la Charité, na vinapokea pia watu wenye kifafa. Uliza bei kabla ya kuanza, ni haki yako."

Isomwe polepole, mara mbili, na ule muziki wao uzimwe kwanza.