Rangi moja haitoshi kwa jaribio zima

Naona mapitio ya kimfumo mengi, yale yanayokusanya majaribio yote ya swali moja, yakilipatia kila jaribio rangi moja ya hatari ya upendeleo, yaani hatari kwamba jibu limepotoshwa: kijani, njano au nyekundu. Mimi siafiki. Kifaa cha kupima hatari hiyo, RoB 2, kilichotolewa mwaka 2019, hakipimi jaribio, kinapima tokeo moja lililopatikana ndani ya jaribio hilo, na tofauti hiyo ndiyo inayoamua kama tutamdanganya msomaji.

Tuchukue mfano wa kubuni: kidonge cha maumivu ya goti dhidi ya kidonge kisicho na dawa. Kila kundi lina watu 100. Wiki 12 zikiisha, 30 wa kundi la dawa wameacha na hawajaulizwa tena kuhusu maumivu, wengi kwa sababu tumbo liliwasumbua au nafuu haikuonekana. Kundi la pili wameacha 8. Wastani wa maumivu sasa unatoka kwa wale 70 ambao kidonge kiliwakubali. Hatari ya upendeleo hapo ni kubwa, hata kama kura ya kuwagawa ilifanywa kwa uadilifu kabisa. Lakini vifo vilisomwa kwenye rejesta, wote 200 wakapatikana. Jaribio ni lilelile, na kwa vifo hatari ni ndogo.

Sasa tuseme tuna majaribio 6 ya aina hii, na 3 yana tatizo hilo la walioacha. Mtu huandika "nusu tu ndiyo yenye dosari" na kuendelea. Hapo ndipo ninapokasirika, maana idadi si uzito. Angalia safu ya uzito kwenye mchoro unaojumlisha majaribio: yale 3 yanabeba asilimia 70 ya jibu. Kwa pamoja majaribio yote yanaonyesha maumivu yamepungua kwa pointi 12 kati ya 100, na masafa ya makadirio ni 8 hadi 16. Ukiyatoa yale 3, inabaki pointi 5, na masafa yake yanatoka -2 hadi 12. Kama itifaki ya mapitio ilisema mgonjwa huhisi nafuu ya maana kuanzia pointi 10, basi nafuu yote iliegemea pale penye dosari.

Katika GRADE, mfumo wa kupima uhakika wa ushahidi, majaribio ya kura huanza na uhakika wa juu, kisha unashusha ngazi kwa sababu zinazotajwa. Ukiripoti 12, shusha kwa hatari ya upendeleo. Ukiripoti 5, ambayo ndiyo ningeichagua, usishushe tena kwa upendeleo ambao umeshautoa. Shusha kwa sababu makadirio ni mapana, yanagusa madhara kidogo na nafuu ya kweli kwa pamoja. Kuadhibu mara mbili kosa moja nako ni kosa.

Na chini ya jedwali la matokeo sababu iandikwe kwa maneno kamili: "Tumeshusha ngazi mbili: masafa yanaanzia chini ya sifuri na kuvuka pointi 10." Msomaji asiyekubaliana nasi ataona hasa tulipokata.