EBITDA inasingiziwa mengi, ila kwenye pango la minara ina kosa

Katika mwaka wa fedha ulioishia Machi 2024, Airtel Africa iliripoti mapato ya karibu dola bilioni 5, EBITDA, kipimo cha faida kabla ya baadhi ya gharama kutolewa, ya takriban dola bilioni 2.4, na kwenye mstari wa mwisho hasara ya dola milioni 89. Anayesoma haraka ataona kiini macho: kampuni imepata hasara, sasa mabilioni hayo ni ya nini?

Lakini chanzo kikubwa cha hasara ile kinajulikana. Naira ya Nijeria ilianza kuporomoka Juni 2023, na kwacha ya Malawi ikafuata Novemba. Madeni ya dola yalivimba yalipohesabiwa kwa sarafu za nchi hizo, na hasara ya kubadili fedha ikaingia kwenye gharama za ufadhili. Wateja hawakukimbia wala mitambo haikuzima. Faida halisi ilijibu swali la mwenye hisa, yaani amebakiwa na nini. EBITDA ilijibu swali jingine: biashara yenyewe ya kuuza dakika na data inazalisha kiasi gani kabla ya riba, kodi, uchakavu wa mitambo, na kupungua kwa thamani ya mali zisizoshikika kama leseni ya masafa. Maswali haya ni mawili, na kelele nyingi dhidi ya EBITDA hutokana na kuyachanganya.

Faida ya kuyatenganisha huonekana pale kampuni mbili zinapowekwa mezani. Tuseme kuna mbili za simu, kila moja ikiwa na mapato ya shilingi bilioni 500. Ya kwanza, tuiite A, ina gharama za uendeshaji za bilioni 300. Imefunga mitambo mipya, kwa hiyo uchakavu ni bilioni 90, na imekopa bilioni 400 kwa riba ya asilimia 15, yaani bilioni 60 kwa mwaka. Ikishatoa kodi ya asilimia 30 inabaki na faida ya bilioni 35. Ya pili, B, inatumia bilioni 320 kujiendesha, haina mkopo, na mitambo yake ni mizee kiasi kwamba uchakavu uliobaki ni bilioni 40 tu. Faida yake baada ya kodi ni bilioni 98.

Kwa faida halisi, B inaonekana bora karibu mara tatu. Na bado A ndiyo inayoendeshwa vizuri zaidi: EBITDA yake ni bilioni 200 dhidi ya 180 za B, yaani senti 40 katika kila shilingi ya mapato dhidi ya 36. Tofauti iliyobaki imeletwa na namna ya kukopa na umri wa vyuma. Sasa tuseme hisa zote za A zinauzwa sokoni kwa bilioni 600 na za B kwa 900. Ukigawa bei kwa faida, A ni ghali, mara 17, na B ni rahisi, mara 9. Lakini anayenunua kampuni nzima hubeba na deni lake, hivyo A inamgharimu bilioni 1,000 na B 900. Gawa kwa EBITDA, zote mbili zinatoka mara 5. Soko linazithamini sawasawa, jambo ambalo faida pekee isingelionyesha. Ndiyo maana wachambuzi hawaiachi namba hii, hasa katika simu, saruji, umeme na biashara nyingine zenye mitambo mingi na madeni marefu.

Upande wa pili una hoja nzito. Mwekezaji wa Marekani Warren Buffett amerudia kwa miaka mingi kwamba uchakavu ni gharama ya kweli, tena mbaya, kwa sababu fedha hutoka mwanzoni na hesabu huja baadaye. Katika mfano wetu, mitambo mizee ya B itadai kubadilishwa, na EBITDA haitatoa onyo lolote. Ina mwanya mwingine pia: gharama ikihamishwa kutoka uendeshaji kwenda uwekezaji, inatoweka machoni pake. WorldCom, kampuni ya simu ya Marekani, ilifanya hivyo hasa. Malipo ya kutumia laini za kampuni nyingine iliyaandika kama mali, na uchunguzi ulipoanza mwaka 2002 kiasi cha kwanza kilichofichuliwa kilikuwa dola bilioni 3.8. Ila pale faida halisi nayo ilidanganya, hivyo sioni haki ya kuilaumu EBITDA peke yake.

Lawama ninayoikubali bila kubisha ni ya pango, yaani malipo ya kupanga minara, na kwa kampuni za simu za kwetu si jambo dogo. Vodacom Tanzania iliuza minara yake kwa Helios Towers mwaka 2013, na mwaka 2021 Airtel ikatangaza kuiuza ya Tanzania pia. Aliyeuza hubaki mpangaji kwenye mnara uleule. Zamani pango hilo lilikuwa gharama ya uendeshaji, likipunguza EBITDA. Januari 2019 kanuni ya kimataifa ya uhasibu, IFRS 16, ilianza kutumika, na pango la muda mrefu likageuzwa kuwa deni kwenye mizania. Kila mwaka gharama yake hupita kama uchakavu na riba, na vyote viwili vipo nje ya EBITDA.

Chukua kampuni ya tatu, C, inayofanana na A katika mapato na gharama, isipokuwa haina mkopo wa benki na inapanga minara kwa bilioni 50 kwa mwaka, mkataba wa miaka 10. Kwa kanuni ya zamani EBITDA yake ni bilioni 150; kwa mpya ni 200. Hakuna shilingi moja iliyoongezeka benki. Malipo ya miaka hiyo 10 yakirudishwa kwenye thamani ya leo kwa kiwango cha asilimia 12 kwa mwaka, yanakuwa deni la takriban bilioni 282. Mwaka wa kwanza riba yake ni karibu 34 na uchakavu 28, jumla 62, zaidi ya pango lenyewe. Kwa hiyo faida inashuka huku EBITDA ikipanda.

Hapa ndipo wengi hukosea. Tuseme hisa za C zina thamani ya bilioni 718. Mchambuzi akihesabu mikopo ya benki tu, anapata 718 kwa 200, yaani mara 3.6, na anatangaza kwamba amepata hisa ya bei poa. Akiongeza deni la pango anarudi kwenye 1,000 na mara 5 zilezile. Ukitumia EBITDA mpya, deni la pango lazima liingie. Ukiliacha deni nje, toa pango kwanza. Kulinganisha na kampuni ya Marekani kunahitaji uangalifu zaidi, maana kanuni zao bado huacha pango la kawaida ndani ya gharama za uendeshaji.

Baadhi ya kampuni kubwa, Deutsche Telekom na Vodafone zikiwemo, huchapisha pia EBITDAaL, yaani EBITDA ikishatolewa gharama ya pango. Kampuni isipoitoa, fungua taarifa ya mtiririko wa fedha. Sehemu ya pango inayopunguza deni iko chini ya shughuli za ufadhili, na riba yake huwa hapohapo au chini ya uendeshaji, kutegemea uchaguzi wa kampuni. Jumlisha zote mbili, zitoe kwenye EBITDA, kisha toa fedha zilizonunua mitambo mwaka huo, ambazo ziko chini ya shughuli za uwekezaji.