Usipige namba kwa kidole

Jumamosi mwekahazina wa chama chetu alinipigia simu akiwa saiba moja karibu na barabara ya Tom Mboya, Nairobi. "Dada, katiba imeharibika. Baada ya kifungu cha 7 inarudi 1, halafu hiyo 1 imesogea ndani kama imekosana na wenzake." Wanachama walikuwa wanasubiri kutia sahihi saa nane. Mhudumu wa saiba alikuwa ameshatoa dawa yake: zima namba ambazo Word inaziweka yenyewe, kisha piga 8, 9, 10 mwenyewe kwa kidole.

Dawa hiyo siitaki hata kuisikia. Siku wanachama watakapoongeza kifungu kimoja katikati, mtu atakesha akibadilisha namba zote za chini yake, na lazima aruke moja.

Nilimwambia abofye mara moja juu ya ile 7 yenyewe, si maneno yaliyo mbele yake. Namba 1 hadi 7 zikapata kivuli cha kijivu, zilizofuata hazikuguswa. Basi hapo hakuna orodha moja iliyoharibika. Kuna orodha mbili zilizokaa jirani. Nikamuuliza vifungu vya mwisho vilitoka wapi. Akacheka. Alivinakili kutoka katiba ya chama cha shemeji yake.

Word haihesabu kwa macho kama sisi. Kila aya imebeba habari zake, ni ya orodha gani na ya ngazi gani, na habari hizo zinakaa kwenye ile alama ya ¶ mwishoni mwa aya, ambayo wengi wetu tunaificha. Ukibandika aya pamoja na alama yake, umemleta mgeni na mizigo yake yote: hesabu yake na pambizo lake.

Akabofya kitufe cha kulia cha kipanya juu ya ile 1, akachagua Continue Numbering. Ikawa 8, na zilizofuata zikajipanga hadi 14. Pambizo likabaki vilevile, na hapa ndipo watu hukimbilia kuvuta rula juu ya ukurasa, aya moja moja, hadi hakuna mbili zinazolingana. Mimi nilimwambia achague aya ya 7 nzima pamoja na ¶ yake, abofye brashi ya Format Painter, aipitishe kuanzia 8 hadi 14. Zikarudi kwenye mstari.

Siku nyingine abandike kwa Keep Text Only, mgeni aingie bila mizigo, afute namba za zamani kama zimeingia kama maandishi, kisha ampe namba kwa brashi hiyohiyo.

Brashi nayo ina ukali wake. Inanakili hata sura ya herufi, kwa hiyo neno "faini" lililokuwa kwa herufi nene kwenye kifungu cha 12 likarudi jembamba. Tuliligundua nakala zikiwa zimeshachapishwa. Wanaochelewa kulipa hawakulalamika.