Kriatinini 142, figo zimekufa au ni kopo la jimu?

"Kaka nimepima afya ya kazini, wameniandikia figo hatua ya 3, daktari kasema niache jimu na ule unga mara moja. Mi mkojo natoa fresh tu. Hivi kriatini kweli imeniua figo?"

Hapana, kwa ulichonitumia hakuna kinachoonyesha hivo. Ila daktari naye hajakosea kushtuka na ntafika huko, mi nimekaa maabara hapa Mwanza miaka ya kutosha nimeshaona pande zote mbili zikikosea.

Kwanza tutenganishe majina maana hapa ndo watu wengi wanapotea. Kriatini ni ile unayoinunua kwenye kopo, na mwili wako pia unaitengeneza na kuitunza kwenye misuli. Kriatinini, yenye hiyo "ni" ya ziada, ni taka yake. Kila siku karibu asilimia 2 ya kriatini iliyoko kwenye misuli inageuka yenyewe kuwa kriatinini, inaingia kwenye damu, figo zinaichuja inatoka na mkojo. Haina kazi wala haikuumizi, sisi tunaipima tu kama alama. Hatukuangalii figo, tunaangalia taka zilizobaki kwenye damu alafu tunakisia figo zinafanya kazi kiasi gani.

Chukulia Mwaloni pale Kirumba, umemweka mtu wa kufagia magamba ya samaki, wewe hukai pale kumwangalia, unapita jioni unaangalia rundo tu. Rundo kubwa unasema huyu mvivu. Sasa siku hiyo mitumbwi imeshusha mzigo mara moja na nusu ya kawaida, jamaa kafagia vilevile kama jana na jasho limemtoka, ila rundo limekua. Ukimfukuza umemwonea. Kriatinini ndo hilo rundo, na mtu wa jimu anashusha mzigo mkubwa kuliko wengine kwa sababu misuli yake ni mingi, tena kajazia kriatini ya kopo. Misuli inaweza kubeba kriatini zaidi kwa asilimia 20 mpaka 40 ukitumia vizuri, na ikibeba zaidi taka nayo inazidi, hesabu ni hiyohiyo ya asilimia 2.

Sasa ile eGFR, yani makisio ya figo zinachuja kwa kasi gani, ndo inayokuandikia hiyo hatua iliyokutisha. Watu wanadhani kuna mashine imepima figo, hamna. Kompyuta imechukua kriatinini yako, umri na jinsia yako, ikaweka kwenye fomula ikatoa namba. Fomula haijui una kilo ngapi, haijui kama wewe ni mpiga debe mwembamba wa Buzuruga au una kifua cha kubebea mlango. Inakuchukulia kama mwanaume wa kawaida wa umri wako, na wewe sio wa kawaida, si ndo maana unalipia jimu.

Nikupe mfano wa kijana mmoja wa Nyegezi, umri 29, kilo 92. Miezi miwili anatumia kriatini, wiki ya kwanza gramu 20 kwa siku kama maelekezo ya kopo yanavyosema, baada ya hapo alitakiwa ashuke 3 mpaka 5 lakini yeye akabaki na 10 kwa sababu, maneno yake mwenyewe, "mwili mkubwa unataka mkubwa." Usiku wa kuamkia kupima kapiga skwati nzito, asubuhi kapitia supu ya nyama bakuli zima na chapati mbili, akaja kutoa damu saa nne. Majibu kriatinini 142 wakati kiwango cha kawaida kwenye karatasi kinaishia 106, eGFR 59. Chini ya 60 ndo inaitwa hatua ya 3, kwa hiyo akaandikiwa hivo.

Mi nikimuuliza mtu huwa naanza na supu, watu wanacheka. Nyama ikichemka muda mrefu sehemu ya kriatini yake inageuka kriatinini hukohuko kwenye sufuria, ukiinywa inaingia kwenye damu ikiwa tayari, masaa machache baadae ndo unakuja kwetu tunakuta namba imepanda. Tizi kali ya jana inaongeza yake. Kukosa maji kunaongeza. Yani huyu kijana alikuja na vitu vinne vinavyopandisha namba kwa wakati mmoja, misuli, kopo, skwati na supu, na hakuna aliyemuuliza hata kimoja, fomu ya kupimia haina hata sehemu ya kuandika.

Tukamwambia aache kopo wiki nne, siku tatu kabla ya kupima asinyanyue chuma, usiku wa kuamkia kipimo asile nyama wala samaki, anywe maji kawaida. Wiki nne kwa sababu kriatini ya kwenye misuli inachukua kama wiki 4 mpaka 6 kurudi ilipokuwa, ukisimamisha siku mbili ukaja kupima umejidanganya. Majibu ya pili kriatinini 112, eGFR 79. Bado juu ya 106, na hapo mama yake alikuwa ameshaanza kulia tena, lakini hiyo iliyobaki ilikuwa misuli. Tulijuaje? Sampuli ikasafirishwa kupima sistatini C, hiyo ni protini ndogo inayotolewa na karibu kila seli ya mwili, haitegemei misuli wala nyama uliyokula. Ikaja 0.85, na ukiiingiza kwenye fomula yake kwa umri wa miaka 29 inakupa 109. Mtu yuleyule, figo zilezile, kriatinini inasema 79 na sistatini inasema 109. Sio kila maabara inaifanya na ina gharama, uliza kwanza kabla hujapanda daladala, na haifai vizuri kwa mwenye shida ya tezi la shingo au anayetumia prednisoloni.

Hii hofu ya kriatini ina historia. Mwaka 1998 jarida la kitabibu la Lancet la Uingereza lilitoa habari ya kijana wa miaka 25, kriatinini ilipanda alipoanza kutumia kriatini ikashuka alipoacha. Ikasambaa kwamba kriatini inaua figo. Wachache walisoma kwamba yule kijana alikuwa na ugonjwa wa figo tangu zamani na yuko kwenye dawa nzito ambayo yenyewe inazisumbua figo. Baadae Brazil wakamchukua kijana wa miaka 20 mwenye figo MOJA, wakampa gramu 20 siku tano alafu 5 kila siku mpaka ikatimia siku 35, na safari hii hawakukisia, walimchoma dawa maalum wakapima inavyochujwa. Kabla ilikuwa kama 82, baada ilikuwa kama 82. Ila ile ya kukisia kwa kriatinini ilishuka. Ni mtu mmoja tu najua, mtu mmoja hathibitishi usalama wa dunia nzima, lakini anaonyesha wazi kabisa namba inavyoweza kushuka na figo hazijaguswa. Na tafiti za watu wenye afya wanaotumia dozi za kawaida zimeenda upande huohuo.

Unga wa protini wenyewe nao usiuchanganye hapa. Protini nyingi inapandisha yurea, taka nyingine hiyo, sio kriatinini sana, na mtu mwenye figo nzima anaimudu. Mwenye ugonjwa wa figo tayari ndo anapunguziwa. Ila geuza kopo usome nyuma, baadhi ya unga unaouzwa kama wa protini umechanganywa na kriatini humohumo, unaweza kuapa hutumii na unatumia kila asubuhi.

Sasa upande wa daktari. Yeye ana foleni nje mpaka kwenye ngazi na mbele yake kuna karatasi yenye namba chini ya 60. Amesikia unga tu, kopo lenyewe hajaliona. Wengine hawasemi kila kitu kwa sababu pembeni ya kopo kuna na sindano za homoni, na hapo ndo namuelewa kabisa. Homoni za kujenga mwili zinaharibu figo kweli, mwaka 2010 madaktari wa Marekani waliandika kuhusu wajenga mwili 10 waliotumia miaka mingi, 9 kati yao wakakutwa na makovu kwenye vichujio vya figo. Ongeza diklofenaki ya kila siku kwa ajili ya bega, unameza na jasho limekuishia, hiyo nayo inaumiza figo kweli. Mtu wa hivi akija na 142 jamaa zake wa jimu wanamwambia "ni kriatini tu hiyo, puuza", wakati safari hii rundo limekua kwa sababu mfagiaji anaumwa. Hilo neno "ni kriatini tu" mi linanikera kuliko hata lile la "hatua ya 3".

Kinachosaidia sana kutenganisha hawa wawili ni mkojo. Kopo linaweza kupandisha kriatinini lakini halimwagi albumini, ile protini ya damu, kwenye mkojo, kichujio kilichoharibika ndo kinamwaga. Kwa hiyo omba kipimo cha albumini kwa kriatinini ya mkojo, chini ya 30 mg/g ni salama, mkojo wa asubuhi, na usiwe umetoka tizi ndani ya masaa 24 maana tizi kali inaweza kumwaga kidogo kwa muda. Ukiwa na damu kwenye mkojo usikimbilie kulaumu kopo wala kulitetea, kanda hii tuna kichocho, kipimwe. Pressure ipimwe pia. Mkojo ukitoka rangi ya kola baada ya siku ya kwanza ya mazoezi mazito na misuli imevimba, hapo sio habari ya kusubiri wiki nne, nenda hospitali usiku huohuo, misuli inayeyuka na hiyo inaziba figo kweli.

Na hata bila haya yote, ugonjwa wa figo wa kudumu hauandikwi kwa kipimo kimoja, inatakiwa shida ionekane kwa zaidi ya miezi mitatu. Kwa hiyo hiyo "hatua ya 3" yako kwa sasa ni swali tu, rudi kwa daktari na kopo lenyewe mkononi sio kwa maneno, umwambie na sindano kama zipo.

Yule wa Nyegezi albumini yake ilikuwa 6, pressure 124 kwa 78. Amerudi kwenye kriatini, gramu 3, na kwenye faili lake juu kabisa kwa kalamu nyekundu wameandika anatumia, kriatinini yake bila kopo ni 112. Supu bado anakunywa, siku ya kupima tu ndo anapita mbali na kibanda.