Pilau imemwagwa, na daftari lilikuwepo

Ijumaa iliyopita saa tisa alasiri nilisimama mbele ya sufuria yenye pilau ya sahani 23. Kila sahani yetu ni gramu 350, kwa hiyo hizo ni kilo nane za chakula kilichoiva vizuri. Vijana wa jikoni walikula wakashiba, iliyobaki ikamwagwa. Meneja akawagombeza wao. Imeniuma, maana kosa halikuwa kwenye moto wala kwenye mkono wa mpishi. Lilifanyika jana yake jioni, pale mtu alipoandika kwenye orodha ya maandalizi: "Pilau, kama Ijumaa iliyopita."

Ijumaa hiyo ya wiki moja kabla ilikuwa ya mshahara. Sisi tuko Posta, Dar es Salaam, wateja wetu ni watu wa maofisini, na siku mshahara ukiingia kila mtu anakula nje. Tuliuza sahani 84. Safari hii tukapika mchele kilo kumi, ambao kwetu unatoa sahani 80, tukauza 57.

Nililifungua daftari la mauzo. Ukiondoa ile ya mshahara, Ijumaa tatu za nyuma zilikuwa 56, 58 na 48. Mtu wa haraka atachukua wastani apate 54. Hapo ndipo ninapogombana na wapishi wenzangu kila siku: ile 48 siyo idadi ya watu waliotaka pilau. Ni idadi ya sahani zilizokuwepo. Pilau iliisha saa saba na nusu, na waliofika baadaye wakaambiwa kuna wali maharage. Daftari limeandika 48 kana kwamba watu walitosheka, na ukilifuata utapika kidogo tena, iishe tena, liandike kidogo tena.

Mimi nililijua hilo kwa sababu tu mhudumu mmoja alikuwa ameandika pembeni "imeisha 7:30". Kwetu, hadi saa hiyo huwa tumeshauza sahani nne katika kila tano za siku. Ukigawa 48 kwa nne ukazidisha kwa tano unapata 60. Sasa Ijumaa zetu ni 56, 58 na 60, wastani 58. Ongeza mbili za tahadhari. Makisio yangekuwa 60, na wateja walikuja 57. Hakuna kompyuta iliyohitajika hapo. Ilihitajika tu saa ya kuisha iliyoandikwa kwa kalamu, kwa hiyo naomba sana, chakula kikiisha andikeni saa.

Sahani 60 ni mchele kilo saba na nusu, na hata huo sitaki upikwe wote kwa mpigo. Nyama na supu viwe tayari asubuhi. Sufuria ya kwanza ni kilo tano, sahani 40. Saa sita na nusu mtu ahesabu: kwa kawaida robo ya sahani za siku zimeshatoka, yaani 15. Zikifika hapo, injika kilo mbili na nusu zilizobaki. Zitaiva kabla sufuria ya kwanza haijaisha. Zikiwa kumi tu, injika kilo moja, na mchele mkavu urudi stoo, ambako hauharibiki. Meneja anasema sufuria mbili zinakula gesi zaidi. Ni kweli, zinakula. Lakini gesi hiyo haifikii bei ya kilo nane za pilau yenye nyama.

Orodha yenyewe nayo iandikwe kama kazi, siyo kama kumbukumbu. Yetu ilisema "kachumbari". Kiasi gani? Kwa sahani 60, gramu 80 kila moja, ni karibu kilo tano. Kabla ya kuandika, fungua friji upime. Kama kuna nyanya kilo mbili nzima, zitoe kwenye hesabu, kisha andika kinachobaki, jina la mkataji, na saa inayotakiwa iwe tayari. Na iandikwe jioni, maharage hayalowekwi asubuhi ya siku yanayoliwa.

Nakubali kwamba kuna mambo daftari haliyaoni. Mvua ya Dar ikishuka saa tano na nusu watu hawavuki barabara, na mpishi mzee anayechungulia mawingu akasema "punguza" mara nyingi anapatia. Basi apunguze ile sufuria ya pili, na aandike neno "mvua" kwenye mstari wa siku hiyo, ili wiki nne baadaye mtu mwingine asidhani pilau yetu ilikuwa imechosha watu.

Leo jioni nimeiandika orodha ya kesho mwenyewe. Kwenye daftari nimechora safu mpya pembeni ya mauzo, juu yake nimeandika "imeisha saa ngapi", na kalamu nimeifunga kwa kamba pale kaunta.