Njegere Zenye Umri wa Kuoa

Mimi ugonjwa wangu ni bei. Nikiona kitu kimepunguzwa, miguu hunitangulia, akili hufika baadaye ikihema. Ndivyo nilivyorudi nyumbani na kilo 10 za njegere kavu, zile nzima zenye ganda lake, kwa robo tatu ya bei ya kawaida. Muuzaji alinisaidia hadi kunitwisha begani. Nikadhani ni ukarimu. Kumbe alikuwa anauaga mzigo uliomzeekea stoo.

Mama watoto akazitazama, akasema, "Haya." Aliyeoa anajua uzito wa hiyo haya.

Jumapili mama mkwe alikuwa anakuja kula mchana, na mimi kwa kujishaua nikasema jikoni naingia mwenyewe. Jumamosi usiku nikaloweka nusu kilo. Asubuhi nikamwaga yale maji, nikainjika, nikakatia nyanya nne na kukamulia limau zima ili ladha iingie mapema. Njegere nzima zikilala kwenye maji usiku kucha huiva kwa saa moja hivi, zikijivuta sana saa moja na nusu. Zangu zilipotimiza saa mbili nikakoroga, nikasikia sauti ya changarawe kwenye ndoo. Nikaongeza maji. Nikaongeza moto. Nikaongeza maombi.

Mama mkwe alipofika hakuketi. Alikwenda moja kwa moja jikoni, akachota njegere moja, akaibana kwa vidole viwili. Kitu kikachomoka kama risasi, kikagonga friji.

"Mwanangu," akasema, "hizi zina umri wa kuoa."

"Nimeziloweka usiku kucha, mama."

"Zilivimba?"

Nikajaribu kukumbuka. Nyingi zilivimba, zikawa kama mara mbili. Ila chache zilibaki vilevile nilivyozinunua, vigololi vidogo vyenye kiburi.

Akaniambia hayo ni magonjwa mawili, na watu huyachanganya. Kile kisichovimba ganda lake limekauka likakaza, maji hayaingii kabisa. Hicho unakiokota asubuhi na kukitupa, maana hata ukikipika hadi jioni hakilainiki. Kinachovimba halafu kikakataa kulainika ndicho kilichozeeka vibaya: kimekaa miezi mingi, pengine misimu, mahali penye joto na unyevu. Maji yamo ndani, lakini hakiivi.

Mimi kwa kutafuta wa kumlaumu nikaenda kusoma baadaye. Kumbe chembechembe za njegere zimeshikanishwa na gundi iitwayo pektini. Njegere kavu ikiwa bado changa, ukiichemsha gundi inayeyuka, chembe zinaachana, unapata ule ulaini. Sasa ghalani kwenye joto na unyevu, kalsiamu na magnesiamu zilizokuwa zimefungiwa ndani ya punje hufunguliwa, zinaifuata gundi na kuikaza. Yaani nilinunua kilo 10 za saruji iliyokwisha kushika.

"Na limau ulitia lini?" akauliza mama mkwe.

"Mwanzo, mama."

Hakujibu. Alimtazama binti yake kwa huruma, kama mtu anayekumbuka siku ya kupokea mahari. Tindikali ya limau na nyanya huizuia gundi ile isiyeyuke, kwa hiyo vitu vichachu huingia punje zikishalainika. Mimi nilikuwa nimemvisha mzee koti la chuma.

Basi akafungua kabati, akatoa mfuko wa dengu nyekundu, ambazo wengine huziita adesi. Nilikuwa nazidharau kwa sababu kilo yake ni ghali kuliko njegere zangu. Hizo zimeshamenywa ganda na kupasuliwa, kwa hiyo hakuna cha kuloweka. Akaziosha mpaka maji yakawa safi, na dakika 20 baadaye tulikuwa mezani. Zilirojeka, ndiyo, hizo hazijui kusimama wima. Mtu anayetaka punje zibaki nzima achukue dengu zenye ganda, za kijani au za kahawia, ambazo humaliza nusu saa hivi.

Nikaona hapo ndipo pa kujiokoa. "Hata hizo za kahawia ninazo, mama!" Nikaleta kopo kwa fahari. Akazimwaga kwenye sinia, akazitandaza karibu na dirisha.

"Hizi zilikuwa za kijani."

Jamani! Dengu za kijani zikikaa muda mrefu ganda lake huingia rangi, taratibu, mpaka zinakuwa hudhurungi. Za kahawia kwa kuzaliwa zipo, tena nzuri, lakini zangu zilikuwa mchanganyiko: hii kijani kidogo, hii imeungua, hii katikati. Muuzaji hakudanganya kitu. Aliniuliza tu, "Unataka za kahawia?" na mimi nikasema naam.

Kufikia hapo ningenyamaza. Lakini mimi nikaleta karanga. Nilikuwa nimenunua zilizomenywa, zikiwa vipandevipande, maana zile nzima zina bei. Sasa karanga karibu nusu yake ni mafuta, na mafuta yakikutana na hewa na joto huchacha. Iliyo ndani ya gamba lake inajihifadhi, iliyovunjika imeachwa mlango wazi. Mama mkwe akanusa, akasema zinanuka rangi ya kupaka ukutani. Akachambua kidogo, akanionyesha tatu zilizosinyaa na moja yenye ukungu wa kijani. Nikasema nitazikaanga vizuri zife hivyo vidudu. Akanikata: ukungu unaweza kufa, lakini sumu iliyokwisha kutolewa, hiyo sumukuvu, haimalizwi na kikaango. Zote zikaenda jalalani, nami nikizisindikiza kwa macho.

Usiku nikafanya hesabu, kwa hasira. Nusu kilo kwa chungu, kilo 10 ni vyungu 20. Kila chungu kikinidai saa mbili zaidi ya njegere changa, ni saa 40 za gesi. Ile robo ya bei niliyookoa ilikwisha kabla gunia halijafika hata katikati.

Dawa zipo, lakini za kutuliza. Robo kijiko cha chai cha soda ya kuokea kwa kila lita ya maji ya kulowekea hulegeza ile gundi. Ukizidisha, unakula sabuni, na vitamini B1 inapotea zaidi. Sufuria ya presha nayo husaidia sana. Zilizoshindikana kabisa nimeshauriwa nizisage unga, maana unga hauulizwi umri.

Alipokuwa anaondoka, mama mkwe alinifundisha la mwisho, la kufanya kabla ya kubeba gunia lolote la punje nzima: omba kiganja kimoja, kapike nyumbani na saa mkononi. Ukiwa na subira zaidi, funga punje 20 kwenye kitambaa chenye unyevu, uzihesabu baada ya siku nne au tano. Zilizo hai zitachipua, na zilizozeeka vibaya nyingi zitalala tu.

Nikafunga 20 za gunia langu. Kila asubuhi nafunua kitambaa kama mtu anayechungulia mgonjwa. Siku ya tano nikaita nyumba nzima waje kuhesabu.

Tatu.

Mama watoto akainama, akazitazama, akanyanyuka.

"Haya," akasema.