Sifuri isiyofanyiwa kazi

Kuna jibu moja nikisahihisha madaftari huwa naliwekea mkasi bila huruma, na mwenye daftari huja juu kila mara. Swali ni integrali ya 2x/(1 + x²) kutoka −∞ hadi ∞. Mwanafunzi anachora grafu, anaona kushoto imezama sawasawa na ilivyoinuka kulia, anaandika "= 0, kwa ulinganifu". Mstari mmoja, basi.

"Lakini mwalimu, si zinafutana?"

Zinafutana ukizipanga zifutane. Kutoka a hadi b, integrali hii ni ln(1 + b²) − ln(1 + a²). Ukiweka mipaka −R na R, unapata 0 daima. Sasa sogeza mipaka kwa mwendo mwingine: kushoto −R, kulia 2R. R ikiwa 10, jibu ni ln(401/101), kama 1.379. Ongeza R uwezavyo, jibu linatulia kwenye ln 4, karibu 1.386. Ncha zote mbili bado zinakwenda mbali bila kikomo, ila jibu si 0 tena. Ukiweka R² kulia, jibu linapaa moja kwa moja.

Ndiyo maana kanuni inataka ukate mstari, tuseme kwenye 0, na kila nusu itulie peke yake kabla hujazijumlisha. Hapa nusu ya kulia ni ln(1 + R²), nayo haitulii kamwe. Hivyo integrali haipo. Linganisha na x·e^(−x²): kulia 1/2, kushoto −1/2. Hapo andika 0 kwa ulinganifu, sina ugomvi nawe.

Ile sifuri ya mwendo sawa ina jina lake, thamani kuu ya Cauchy, na huandikwa PV mbele ya alama ya integrali. Si haramu, wanafizikia wanaitumia kila siku. Kosa ni kuiangusha PV njiani halafu kudai umepata integrali yenyewe.

Mbishi mmoja nilimpeleka kwenye kompyuta. Gawanya fanksheni yetu kwa 2π, unapata x/(π(1 + x²)), ambayo integrali yake ndiyo ingekuwa wastani wa mgawanyo wa uwezekano uitwao wa Cauchy. Kama wastani ni 0 kweli, wastani wa namba nyingi za bahati nasibu kutoka mgawanyo huo ungesogea kwenye 0. Hausogei. Wastani wa namba milioni moja umetawanyika sawasawa na namba moja tu: uwezekano wa kuangukia nje ya −1 na 1 ni nusu kwa nusu. Akarudia kuendesha programu mara kadhaa, kila mara namba nyingine, kisha akaniuliza kama jenereta ya namba imeharibika.